Goti la Kiberiti na Wiki Sita za Mwenyekiti

Habari ya mwili wa mchezaji haitoki klabuni mpaka mwenye mwili asomewe, aelewe, na aseme ndiyo akiwa na akili zake timamu. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea ofisa habari wa klabu, mwanamke wa makamo waliyempachika jina la Nukta kwa kuwa alipenda sentensi fupi na alikuwa na tabia ya kuwakatiza wakubwa katikati ya hotuba zao. Hakuna kikao kilichoipitisha sheria hiyo. Vikao vya klabu vilipitisha zaidi soda. Aliitunga mwenyewe siku klabu ilipotangaza maradhi ya kipa wake kabla kipa hajapewa majibu ya vipimo. Maskini kipa aliyasikia redioni akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, na inasemekana alitoka mbio hivyo hivyo.

Tangu hapo Nukta alikuwa mgumu kama kisiki cha mpingo. Ofisi yake ilikuwa chini ya jukwaa kuu, chumba kimoja chenye harufu ya dawa ya kuchulia misuli na viatu vilivyolowa. Kila shabiki aliporuka jukwaani juu, vumbi lilimdondokea Nukta kwenye chai. Aliifunika chai kwa kisosi na kuendelea kuandika.

Jumamosi ile mshambuliaji waliyemwita Kiberiti aliumia goti. Hakuguswa na mtu. Alijigeuza ghafla kumhepa beki, mwili ukaenda upande mmoja, mguu ukabaki unaelekea alikotoka. Uwanja mzima ulinyamaza, na wapo wanaoapa kwamba hata muuza karanga aliacha kudai chenji.

Baada ya picha za goti, daktari wa klabu aliwaita watatu: Kiberiti mwenyewe, Mwenyekiti, na Nukta. Kwanza alimuuliza Kiberiti mbele yao kama anakubali hao wawili wasikie. Kiberiti akatikisa kichwa kukubali. Daktari alikuwa mtu mnene, mpole, anayetoa maneno kidogo kidogo kama anayauza kwa cheti cha dawa.

"Ndani ya goti kuna gegedu mbili, kila moja ina umbo la mwezi mwandamo," alisema. "Ni kama mito kati ya mfupa na mfupa. Mmoja umechanika. Mpasuaji ataingiza kamera kwenye tundu dogo aone. Kama kipande kimeharibika, atakikata na kukitoa. Hapo ni kama wiki sita. Kama kinashoneka, atakishona, na hilo ndilo jema zaidi kwa goti la kijana. Lakini mshono unataka muda. Miezi minne hadi sita."

"Kwa hiyo wiki sita," akasema Mwenyekiti.

"Nimesema ama wiki sita, ama miezi. Hatujui mpaka aingie."

"Nimekusikia, Daktari. Wiki sita."

Lazima tumweleze Mwenyekiti, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa muuza vifaa vya ujenzi aliyegundua kwamba bati haliimbwi uwanjani, akaja kwenye mpira. Alivaa skafu ya klabu hata jua lilipokuwa linatoboa utosi. Uchaguzi wa viongozi ulikuwa umekaribia, na wiki moja kabla yake kulikuwa na mechi dhidi ya watani wao wa jadi, wiki ya saba kuanzia siku ile. Mwenyekiti hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyezoea kukisia vipimo vya mbao, na akadhani goti nalo hukisiwa hivyo hivyo.

Siku moja kabla ya upasuaji Nukta alikaa na Kiberiti kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo.

"Kesho utakuwa umelala na watu watauliza," akamwambia. "Niseme nini wakati wewe huwezi kusema?"

"Sema sijafa, dada."

"Hilo watalijua. Nimeandika hivi: mchezaji wetu amefanyiwa upasuaji wa goti leo. Klabu itatoa taarifa kamili baada ya yeye kuzungumza na madaktari na familia yake. Basi."

"Goti lipi?"

"Unataka nitaje lipi?"

Kiberiti akafikiri. "Waliniona wote nimelishika. Lakini usitaje. Mabeki wale wana kumbukumbu nzuri kuliko walimu wangu."

Akakubali sentensi zile mbili, na daktari akazipitia. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawasawa. Kosa la Nukta lilikuwa jingine. Kwa kuwa alipenda kujiandaa, aliandika pia rasimu mbili za taarifa ya baadaye, moja ya wiki sita na nyingine ya miezi, akamtumia Mwenyekiti zote asome mapema, na juu akaandika kwamba hazitoki mpaka upasuaji uishe na Kiberiti aridhie. Mtu mwenye njaa humpelekei sahani mbili ukamwambia moja si yake. Mwenyekiti aliisoma ya kwanza, ikampendeza, ya pili hakuifungua.

Siku ya upasuaji Nukta alikaa kwenye korido ya hospitali, kwenye kiti cha plastiki kilichobana nyonga. Saa sita mchana zile sentensi mbili zilitoka kwenye kurasa za klabu. Watu hawakuzipenda. Sentensi mbili kwa mshabiki ni sawa na kumwonyesha mgeni picha ya chakula. Kabla saa moja haijapita, redio moja ilikuwa imeshasema goti limewekwa chuma. Mwingine akaandika kwamba Kiberiti hakuumia kabisa, ameuzwa kwa watani na hospitali ni kificho tu. Wa tatu akaja na habari kwamba mguu umekatwa, na chini yake mtu akauliza kama kiatu kilichobaki kinauzwa.

Simu ya Nukta ikalia. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari za goti?"

"Mama, hata mimi hujaniuliza hali?"

"Wewe nakusikia unapumua. Nauliza la mwanangu Kiberiti. Hapa jirani anasema limekatwa."

"Halijakatwa, mama. Tumesema tulichosema."

"Mlichosema nimekisoma. Kinatosha kufungia vitumbua. Mimi si watu, mimi ni mama wa mume wako. Niambie, litaingia humu, halitatoka."

Nukta alimjua mama mkwe wake. Jambo likiingia kwake saa sita, saa saba linakutana nawe sokoni limevaa viatu.

"Mama, ningekuwa nimelala mimi pale ndani, ungependa watu waambiwe kabla yako?"

"Wewe hujui hata kupiga mpira," mama mkwe akasema, akakata simu.

Alasiri daktari alitoka na mpasuaji. Gegedu ilikuwa imechanika vizuri, kama wanavyosema wao, yaani imechanika mahali penye damu ya kutosha, ikashoneka. Kwa goti ilikuwa habari njema. Miezi minne hadi sita. Mpasuaji akaongeza jambo moja: asiharakishwe, maana mshono ukiachia, safari ijayo hakutakuwa na cha kushona, na mtu wa umri ule atabaki na goti la babu yake.

Mwenyekiti alifika wakati huo huo, skafu shingoni, maua mkononi. Daktari akamwambia. Mwenyekiti akayatazama maua kama ndiyo yaliyomdanganya.

"Tutasema wiki sita," akasema.

"Si wiki sita," akasema Nukta.

"Najua si wiki sita. Zikifika, tutasema amepata kikwazo kidogo. Tunaongeza wiki mbili. Halafu mbili. Mpira wote unakwenda hivyo, mama. Watu hawataki ukweli, wanataka tiketi."

"Na wiki ya saba wakianza kumwimba jukwaani aingie?"

"Si atakuwa anajua mwenyewe kwamba hawezi?"

"Anajua leo. Akisikia watu elfu thelathini wanaliita jina lake, hatajua."

Mwenyekiti aliingia chumbani kwa mgonjwa, naye Nukta akamfuata kwa sababu hakumwamini hata na maua.

Kiberiti alikuwa ameamka kwa namna ya kuamka. Macho yalikuwa wazi ila mwenyewe alikuwa bado njiani. Mguu ulikuwa umefungwa toka pajani, umeinuliwa juu ya mto. Alikuwa anamtazama nesi kwa upendo mkubwa.

"Mwenyekiti," akasema polepole, "huyu ndiye mke wangu."

"Hongera," akasema nesi bila kugeuka, akiandika joto lake. "Wa tatu leo."

"Mwanangu," Mwenyekiti akainama, "tunataka tuwaambie mashabiki unarudi baada ya wiki sita. Sawa?"

"Sawa."

"Umekubali?"

"Nimekubali. Na nataka kudaka. Kipa hafai."

Mwenyekiti akanyanyuka, uso umemng'aa. "Umesikia mwenyewe, Nukta. Mwenye mwili ameridhia. Si ndiyo sheria yako?"

"Pia ameridhia kuoa na kuwa kipa."

"Hayo ya kipa tutaongea na kocha."

Daktari akajikohoza mlangoni. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuwa sahihi, kwamba hospitali yenyewe humkataza mgonjwa kusaini au kuamua jambo lolote la maana mpaka siku ya pili baada ya dawa za usingizi. Mwenyekiti akamwambia hapa hakuna aliyesaini, watu wamezungumza tu. Akatoka. Kwenye ngazi za hospitali alikuta vipaza sauti vitatu na akavipenda vyote. Kwenye taarifa ya habari ya jioni, sauti yake ilisikika nchi nzima ikisoma rasimu ya kwanza ya Nukta, neno kwa neno, wiki sita na nukta zake zote. Akamalizia kwa maneno yake mwenyewe: "Nimetoka kumwona, tumekubaliana, anacheka, anataka kucheza hata kesho."

Nukta aliisikiliza sentensi yake ikitoka kinywani mwa mtu mwingine. Aliona aibu ya aina mpya, aibu ya fundi aliyetengeneza kisu kizuri akakikuta kwa mwizi.

Jioni mumewe, mwalimu wa hesabu, alimwandalia chakula na kumwambia ukweli kwa adabu. "Mke wangu, Mwenyekiti ameshasema. Wewe hukusema. Kaa kimya, uongo ni wake."

"Maandishi ni yangu."

"Hakuna anayejua."

"Kiberiti atajua, wiki ya saba."

Mama mkwe alikuwa amekuja kulala. Alikuwa na furaha, kikombe mkononi. "Wiki sita! Nimeshamwambia jirani. Si ungeniambia tu mchana nisihangaike?" Nukta alimtazama mwanamke yule, ambaye tayari alikuwa amefua fulana yake ya mechi ya watani na kuitundika mlangoni, akaelewa ukubwa wa uongo ule. Hakubishana naye. Alikula, akaosha vyombo.

Asubuhi alikuwa hospitalini na mapema, pamoja na daktari. Kiberiti alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji, akili zote zimerudi nyumbani, na alikuwa na hasira.

"Dada, nani amesema wiki sita? Mpasuaji amepita hapa saa hizi, anasema miezi."

"Mwenyekiti. Anasema ulikubali."

"Mimi?"

"Ulikubali pia kumwoa nesi wa zamu ya jana."

Kiberiti akafunika uso kwa kiganja. "Yule mrefu?"

"Huyo."

"Basi msitoe taarifa yoyote," akasema. "Inatosha. Goti ni langu. Msiseme lolote mpaka nipone."

Hapo ndipo mtu wa kanuni hupimwa, maana sheria ya Nukta ilimpa Kiberiti haki hiyo, na Nukta angeweza kuichukua na kwenda zake nyumbani akiwa safi kama sahani. Badala yake alivuta kiti.

"Ni haki yako na nitaiheshimu. Ila nisikilize kwanza, halafu uamue. Tukinyamaza, kilichobaki hewani ni wiki sita. Ukimya wako utakuwa umeitikia amina. Wiki ya saba watakuimba. Usipoingia watasema unaogopa, au umeuzwa. Ukiingia, daktari akwambie."

Daktari akamwambia. Hakuongeza chumvi, na hakukuwa na haja ya kuongeza.

Kiberiti aliuzungusha uji kwenye kikombe. "Kuna jambo jingine," akasema. "Goti hilo hilo liliwahi kufunguliwa nikiwa mdogo, kwenye timu ya shule. Daktari anajua. Mkitaja gegedu na kushona, waandishi watachimba, watafika huko. Hakuna klabu itakayonitaka tena bila kunikagua kama mtumba."

"Klabu ikitaka kukusajili itakupima, na wewe utawaambia madaktari wao ukweli. Hilo lina mahali pake, na si redioni. Si lazima mashabiki wajue kilichomo ndani ya goti. Wanachopaswa kujua ni kama utacheza."

Kiberiti akafikiri. "Basi semeni lini. Msiseme nini."

Nukta akaandika hapo hapo, akamsomea kwa sauti, polepole, mara mbili: "Mchezaji wetu alifanyiwa upasuaji wa goti jana, nao umekwenda vizuri. Kwa makadirio ya madaktari atakuwa nje ya uwanja kwa miezi minne hadi sita, kutegemea maendeleo yake. Makadirio mafupi yaliyotangazwa jana hayakuwa sahihi, na klabu inaomba radhi. Kwa ombi la mchezaji, hatutatoa maelezo zaidi ya kitabibu. Atarudi pale tu madaktari watakaporidhika."

"Hapo pa kuomba radhi," akauliza daktari, akijipapasa mfukoni kama anatafuta kazi yake, "ni lazima?"

"Ni lazima. Tukitaja miezi bila kuifuta ile, watu watachagua wanayoipenda."

"Na sehemu ya kitabibu ni sahihi," akasema daktari baada ya kupumua. "Nimeipitisha."

"Nami nimekubali," akasema Kiberiti. "Ila ngoja nimpigie mama kwanza."

Alimpigia. Nukta na daktari walitoka nje, lakini mlango ulikuwa mwembamba na mama yule alikuwa na mapafu. Walisikia akimuuliza mwanawe kwa nini amelala hospitalini kama mtu asiye na kwao, kisha akalia, kisha akauliza kama anakula. Walisubiri mpaka amalize. Nukta hakuwahi kutoa taarifa ikaifikia dunia kabla ya mama mzazi, na hakutaka kuanza siku ile.

Halafu akampigia Mwenyekiti na kumsomea, maana hakutaka kumvizia mtu. Desturi ya klabu ilikuwa kwamba Mwenyekiti hubariki kila taarifa.

"Siibariki," akasema Mwenyekiti. "Unanivua nguo hadharani."

"Zivue mwenyewe, mzee. Ita redio, sema ulikosea. Nitaiondoa sentensi ile ya radhi na kuweka maneno yako."

"Wiki moja kabla ya uchaguzi kuna mechi, Nukta. Mechi."

"Najua. Ndiyo sababu nakupigia."

"Ukiitoa hiyo, usirudi ofisini."

Nukta alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha korido. Mfagiaji alikuwa anapiga deki, akamwomba anyanyue miguu, naye akanyanyua. Akiwa vile, miguu hewani kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi, akabonyeza, taarifa ikatoka.

Watu walifanya wanachofanya watu. Walimtukana Mwenyekiti asubuhi, wakaitukana klabu mchana, na jioni wakaanza kubishana nani atacheza namba tisa. Hakuna aliyeuliza ndani ya goti kulikuwa na nini. Ile redio ya habari ya chuma ilihamia kwenye talaka ya mwanamuziki. Mama mkwe aliitoa fulana mlangoni, akaikunja, akamwambia Nukta: "Miezi sita ni mingi, lakini inahesabika." Wiki ya saba walifungwa na watani mabao mawili, na jukwaani hakuna aliyeliimba jina la Kiberiti, maana wote walijua yuko nyumbani anajifunza kupanda ngazi. Alirudi uwanjani mwezi wa sita baada ya upasuaji. Mshono haukuachia.

Mwenyekiti alichaguliwa tena kwa kura nyingi. Wanachama walisema ni mtu wa watu, na kukosea ni ubinadamu. Daktari alibaki, kwa kuwa madaktari wanaojua magoti ni wachache kuliko wenyeviti. Mwaka uliofuata Kiberiti alisajiliwa na klabu nyingine baada ya kupimwa na kufaulu, akaondoka bila kumpigia Nukta simu ya kumuaga.

Nukta alifukuzwa siku ile ile aliyoitoa taarifa. Hakuna klabu nyingine iliyomchukua, kwa sababu wenyeviti huongea. Sasa anaandika matangazo ya duka la samani. Ilimgharimu kazi aliyoipenda, na haijamrudia.